"Nitafsirie hii": Hii ipi?

Miongoni mwa tungo fupi zinazoandikwa kila siku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, ipo moja ambayo sijaona mhakiki akiigusa. Ina maneno mawili tu: "Nitafsirie hii." Ndugu yake ni "Nifupishie hizi." Zikiingia katika simu pamoja na barua au picha ya waraka, hazina neno. Unasoma, unatafsiri, unarudisha, mambo yamekwisha. Matata huanza zinapoingia zenyewe. Hakuna barua, hakuna picha, hakuna faili. Kidole kimenyooshwa, na pale kinapoelekea ni patupu.

Sisi tunaojua kidogo Kiingereza cha ofisini na Kiswahili cha vitabuni huombwa kazi hizi na majirani, wazazi wa wanafunzi na makatibu wa vikundi vya akiba. Ujumbe wa namna hii wengi huupokea kwa kicheko au kwa ukali: "Yakhe, hujatuma kitu!" Leo naomba tuusome kama tunavyosoma utungo wowote ule, neno kwa neno na kiambishi kwa kiambishi. Dai langu ni kwamba Kiswahili, tofauti na Kiingereza, huacha alama ya kile kitu hata kinapokosekana. Alama hiyo inaweza kumsaidia mpokeaji, na inaweza pia kumtia shimoni.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1971 mwanaisimu Mmarekani Charles Fillmore alitoa mihadhara kuhusu maneno yanayoelekeza: haya ya "hapa", "kesho", "hii", "mimi". Ili kuonyesha udhaifu wa maneno hayo alitaka wasikilizaji wake wafikirie karatasi iliyookotwa ndani ya chupa baharini. Karatasi hiyo inamwomba msomaji wakutane hapo kesho adhuhuri, naye aje na kijiti cha ukubwa fulani unaoelekezwa kwa neno la kuashiria tu. Kila neno linaeleweka, na hakuna msomaji atakayeweza kutii. Hapo ni wapi? Kesho ya siku gani? Nani anasubiri? Kijiti kiwe cha dhiraa ngapi? Maneno ya kuashiria ni kama kamba ya mashua: yana kazi pale tu upande wa pili ulipofungwa penye kitu.

"Nitafsirie hii" pasipo na faili ni karatasi ile ile ya chupani. Ila tofauti ipo, nayo imo katika sarufi yetu. Mwingereza ana neno moja la kuashiria kitu kimoja kilicho karibu, kiwe barua, kitabu, mkataba au shairi. Anapolituma bila faili, mpokeaji anajua jambo moja tu, kwamba kitu hicho ni kimoja. Mswahili hawezi kuashiria kabla ya kuchagua ngeli. Akisema "hiki" ametaja ngeli ya KI-VI: huenda ni cheti, kitabu, kifungu cha sheria. Akisema "hili" yumo katika LI-YA: tangazo, shairi, ombi, dai, azimio. Akisema "huu" huenda ni mkataba au waraka. Akisema "haya" ni maandishi, maelezo, makubaliano, mapatano. Kitu hakikuja, lakini kivuli chake kimetangulia.

Chukua ujumbe kama huu: "Shikamoo mwalimu. Nitafsirie hili kwa Kiingereza, lahitajika kesho." Faili haipo. Hebu tuone tunajua nini. Kitu ni kimoja, kwa sababu ni "hili" na si "haya". Ni cha ngeli ya LI-YA, na mwandishi hakuteleza, maana amerudia upatanisho huo huo katika kitenzi: "lahitajika". Kitu chenyewe kimeandikwa kwa Kiswahili, au angalau si kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndiko kinakopelekwa. Nacho kina siku yake. Mtu anayeufahamu mtaa anaweza kuwaza: ni tangazo la mkutano au ni ombi la karo. Ngeli imekata orodha ndefu ikabakisha majina machache. Hayo si madogo kwa neno lenye herufi nne.

Sasa linganisha na "hii". Hapa kivuli hakina umbo. Kwanza ni umoja wa I-ZI: barua hii, ripoti hii, hotuba hii, ilani hii. Pili ni wingi wa U-I: mikataba hii, mihtasari hii. Kwa hiyo neno hili peke yake halituambii hata kama kazi ni ya kurasa mbili za barua moja au ya mikataba kumi. Juu ya hayo, maneno ya mkopo tunayoyatumia kwa hati za simu karibu yote huangukia I-ZI, kwa hivyo mtu anayefikiria "picha" au "faili" ataandika "hii" hata kama ndani ya picha hiyo mna mkataba. Ameashiria chombo, hakuashiria kilichomo.

Tena kuna "hii" ya tatu, ile inayobeba ngeli zote. Mitaa yetu ina wenyeji na wageni. Mzawa wa Likoni aghalabu atakuambia "hichi" pale ambapo Kiswahili sanifu kingeandika "hiki". Mwalimu wa shule anaweza kumkosoa, lakini ngeli haijapotea: "hichi kitabu", "kitu hichi", KI-VI imesimama wima. Upande wa Changamwe, uliojengwa na kazi za bandari, reli na viwanda, wamekutana watu wa kila pembe ya nchi, na humo utasikia pia "hii kitabu", "hii tangazo", "hii mkataba". Sisemi haya ili kumcheka mtu. Mazungumzo ya ana kwa ana huenda vizuri kabisa kwa "hii" moja, maana kitabu kiko mkononi na macho yanakiona. Hasara yake hudhihirika siku kitabu kinapokosekana. Anayesema "hichi" ameacha nyuma kivuli cha kitabu. Anayesema "hii" kwa kila kitu hakuacha kivuli cha chochote. Mpokeaji naye lazima amjue mwandishi: "hii" ya mtu anayechunga ngeli ni habari, na "hii" ya mtu asiyezichunga ni sauti tu ya kuvuta macho.

Upungufu wa pili umejificha katika kitenzi, nao hautajwi mara nyingi. Tazama "itafsiri", "kitafsiri", "zitafsiri". Silabi ya mwanzo katika kila kimoja ni ya kile kitu: i ya barua, ki ya kitabu, zi ya kurasa. Laiti watu wangeandika hivyo, hata bila neno la kuashiria tungepata ngeli. Lakini mwenye kuomba msaada haombi hivyo. Adabu ya kuomba imo katika kauli ya kutendea: "nitafsirie", "nifupishie", "nisomee", "niandikie". Na hapo ndipo kitu kinapofukuzwa nyumbani kwake. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya shamirisho kabla ya mzizi. Katika kauli ya kutendea nafasi hiyo huchukuliwa na mtu anayefanyiwa, ambaye wanafunzi wetu humwita shamirisho kitondo. Kitu chenyewe, shamirisho kipozi, hakina tena pa kukaa ndani ya kitenzi. Zipo lugha za Kibantu, Kinyarwanda kwa mfano, zinazoweza kupanga viambishi viwili au zaidi vya namna hiyo mahali pamoja. Sisi hatuwezi. Jaribu kusema "nikitafsirie" ukikusudia "nitafsirie kitabu hicho" na uone: ile "ni" inageuka mara moja kuwa mtenda, na sentensi inaanza kumaanisha kwamba wewe ndiye utakayetafsiri.

Matokeo yake ni kwamba "nitafsirie" ni sentensi iliyomtaja mwombaji kwa ukamilifu na kukisahau kinachoombewa. Uzito wote wa kukibeba kitu umeachiwa neno linalofuata, nalo likiwa "hii" au lisipokuwepo kabisa, hakuna kilichobebwa. Mwandishi mwenyewe haoni pengo, kwa sababu kila anapoisoma sentensi yake barua iko mbele ya macho yake.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote: tofauti kati ya "hii" na "hiyo". Shuleni tumefundishwa kwamba viashiria hupima umbali. "Hii" ni karibu, "hiyo" ni mbali kidogo, "ile" ni mbali. Kitabuni huwa na picha ya mtoto amesimama karibu na kiti, na mwembe uko mbali. Somo hilo linatosha kwa viti na miembe. Halitoshi kwa maandishi. Bi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944 ambayo wengi wa walimu wetu waliisoma, aliona kwamba ile "o" ya mwisho si kipimo cha hatua za miguu. Ni "o" ya kurejelea: humwambia msikilizaji kwamba kitu hiki tayari anacho, ama kimeshatajwa, ama kiko upande wake. "Barua hii" ni ile ninayokuletea. "Barua hiyo" ni ile unayoijua.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana makosa ya hapa hurekebishwa kwa kidole. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, alisaidiwa na kadhi wa mji. Watu wawili wanaofanya kazi ya namna hiyo wakiwa wameketi pamoja hawahitaji kujiuliza "hii" ni ipi. Kidole kiko juu ya mstari. Katika ujumbe wa simu kidole hakisafiri. Husafiri neno tu, na mpokeaji analitii neno.

Nitoe kisa kimoja, nacho nimekisikia kutoka kwa pande zote mbili. Mwalimu mmoja wa Kisauni alikuwa akikisaidia kikundi cha akiba cha Likoni. Jumatatu katibu wa kikundi, kijana wa pale, alimtumia katiba yao ya kurasa sita iliyoandikwa kwa Kiswahili, akamwomba: "Mwalimu, nitafsirie hii kwa Kiingereza, ni ya benki." Katiba ilifika, mwalimu akaanza kazi. Alhamisi usiku ukaingia ujumbe mwingine kutoka kwa kijana huyo huyo: "Mwalimu, nifupishie hiyo kwa Kiswahili, mzee asome kabla ya Jumatatu." Haukuandamana na kitu.

Mwalimu alifanya kama ambavyo sarufi inaelekeza. "Hiyo" hurejelea kilichotajwa. Kilichotajwa mwisho ni katiba. Katiba ni ya I-ZI, na "hiyo" ni ya I-ZI. Kila kitu kimepatana. Akaifupisha katiba katika ukurasa mmoja, akautuma Ijumaa. Kijana hakuufungua kuusoma. Aliupeleka moja kwa moja kwenye simu ya baba yake. Mzee akasoma habari za ada za wanachama na jinsi ya kumchagua mweka hazina, akashangaa kidogo, akanyamaza. Kile ambacho kijana alikusudia kilikuwa barua ya Kiingereza inayomtaka mzee afike Jumatatu katika ofisi fulani na karatasi za kiwanja anachokaa. Aliipiga picha, akaituma, kisha akaandika ujumbe. Ujumbe ulikwenda. Picha haikwenda. Jumatatu ikapita. Mzee alipojua ilikuwa Jumatano, naye akaambiwa aandike upya maombi yake na asubiri kuitwa tena.

Tumlaumu nani? Kijana alisema, "Lakini mimi nilituma." Mwalimu akasema, "Nami nilifuata ulichoandika." Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuhakikiwa. Tuanze na kijana. Alipoandika "hiyo" badala ya "hii" hakukosea sarufi. Kwa fikira yake picha ilikuwa imeshafika kwa mwalimu, iko upande wa mwalimu, hivyo "hiyo" ndiyo sahihi. Kosa lilikuwa katika neno "nilituma". Kutuma ni tendo linalokwisha kwa mtumaji. Hata ukiongeza kauli ya kutendea, "nilikutumia", umetaja kitu kilikokusudiwa kwenda, hujasema kimefika. Kiswahili kina maneno mengine kwa hilo: kufika, kufikisha, kupokea. Kijana alikitumia kiashiria cha kitu kilichofika kwa kitu alichokuwa na uhakika nacho kwamba kimetumwa tu.

Bahati mbaya ya pili ni ya ngeli. Kama ile hati ingekuwa tangazo, angeandika "hilo". Kama ingekuwa waraka au mkataba, "huo". Hapo mwalimu angegutuka: katiba haiwezi kuwa "hilo". Lakini barua na katiba zinakaa nyumba moja ya I-ZI, na mlinzi mlangoni akaona kivuli kinafanana akafungua. Upatanisho wa kisarufi unaweza kukuambia kwamba jibu fulani haliwezekani. Hauwezi kukuambia kwamba jibu linalowezekana ndilo lililokusudiwa. Huo ndio mpaka wa kivuli.

Na mwalimu je? Alikuwa na dalili tatu mkononi, zote zimo ndani ya sentensi ile ile. Ya kwanza ni "kwa Kiswahili". Katiba ilikuwa tayari kwa Kiswahili. Mtu anayetaka muhtasari wa kitu cha Kiswahili hana sababu ya kutaja lugha. Anayeitaja anakuambia kwamba chanzo ni cha lugha nyingine. Ya pili ni "mzee". Kikundi kile ni cha vijana na katiba inakwenda benki. Mzee ameingia wapi? Ya tatu ni kitenzi. Jumatatu aliombwa kutafsiri, Alhamisi anaombwa kufupisha. Kazi imebadilika, msomaji amebadilika, lugha ya kwendea imebadilika. Mambo matatu yakibadilika kwa pamoja, aghalabu na kitu chenyewe kimebadilika. Kiashiria kilielekeza nyuma, lakini sentensi nzima ilikuwa ikielekeza kwingine, na msomaji mzuri husikiliza sentensi nzima.

Katika hili ninaona udhaifu wa mafunzo yetu kuliko udhaifu wa watu hawa wawili. Tunampa mwanafunzi majedwali ya ngeli, anayakariri, anapata alama zake. Hatumpi hata zoezi moja la kumuuliza: kiashiria hiki kinarejelea nini, na utajuaje kama umekosea? Mwalimu wa Kisauni alitumia ngeli kama mtihani ulivyomfundisha: ikipatana, ni sahihi.

Nigusie kwa ufupi jinsi kitu kinavyopotea njiani, kwa sababu dalili zake zinaonekana kwa macho. Maneno mawili ni mepesi mno. Hupita hata mtandao ukiwa hafifu au bando likiwa linakaribia kwisha. Picha ya ukurasa ni nzito maradufu nyingi. Kwenye WhatsApp, ujumbe ambao haujaondoka huwa na alama ndogo ya saa. Ukiondoka hupata tiki moja, na ukifika kwenye simu ya mwenzako hupata tiki mbili. Kwa hiyo inawezekana kabisa maneno yako yakawa na tiki mbili huku picha iliyo juu yake bado ina saa, na mtumaji asiyeangalia ataapa kwamba vyote vimekwenda. Namna ya pili ni kunakili: mtu anadhani amenakili aya nzima, anabandika, kumbe kilichobandikwa ni lile ombi lake tu. Namna ya tatu ni kumtumia mtu mwingine. Barua imekwenda kwa shemeji, "nitafsirie hii" imekuja kwako.

Dawa ya namna ya kwanza ni rahisi: andika maneno yako chini ya picha kabla ya kuituma, yawe maelezo yake, na siyo ujumbe wa pembeni. Hapo kidole na kitu vimepanda chombo kimoja. Kikikwama, vimekwama vyote, na mpokeaji hapati amri isiyo na kitu.

Sasa turudi kwa mpokeaji. Ujumbe umeingia mtupu. Aandike nini? Majibu matatu huwa ya kawaida, na sarufi inayatofautisha vizuri. "Hujatuma" linamhukumu mtu kwa jambo usilolijua. Huenda ametuma kweli. "Haikuja" limefunga mlango, kama kwamba safari imekwisha na kitu hakikuwemo. "Haijanifikia" ndilo jibu la mwenye busara. Kiambishi "ja" kinasema jambo halijawa na bado linaweza kuwa. Mzizi wa "fika" unazungumzia mwisho wa njia, yaani upande ambao wewe ndiye shahidi wake. Halimlaumu mtu, wala halidai kujua kilichotokea katikati.

Lakini "haijanifikia" peke yake bado linaacha tundu, hasa pale ambapo kuna kitu cha zamani kinachoweza kudhaniwa. Ongeza kiulizi cha "-pi". Nacho kina raha yake, kwa kuwa hufuata ngeli ya kile kile kiashiria: hii ipi, hili lipi, hiki kipi, hizi zipi. Ukimjibu mtu "Hili lipi?" umemwambia kwa neno moja kwamba ujumbe wake umeusoma, kwamba umeona ametaja kitu cha LI-YA, na kwamba kitu hicho hukioni. Yule mwalimu angalijibu hivi: "Hiyo ipi, mwanangu? Katiba ninayo, ila iko kwa Kiswahili tayari. Kama ni nyingine haijanifikia." Ni maneno kumi na manne. Yangemrudisha kijana kwenye simu yake, aione ile saa ndogo.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza ni kumchelewesha mtu mwenye haraka, na kwamba mjuzi hufaa akisie. Siwaungi mkono. Tafsiri ya kukisia haifanani na kazi nyingine za kukisia. Fundi akikata mbao kwa kukisia, utaona pengo mlangoni. Muhtasari wa kitu kisichokuwa ndicho huonekana mzima kabisa. Una kichwa, una aya, una Kiswahili safi, na yule anayeupokea ndiye hasa asiyeweza kuusoma ule wa asili ili alinganishe. Angaliweza, asingeomba. Mzee wa Likoni alisoma habari za mweka hazina akanyamaza kwa sababu hakuwa na njia ya kujua kwamba barua yake ilisema kitu kingine. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mbele ya "nitafsirie hii" iliyo tupu, kazi pekee halali ni swali.

Kwa upande wa mwombaji, dawa yenyewe ni ya kisarufi na haigharimu kitu. Kwa kuwa kitenzi cha kutendea hakina nafasi ya kitu, mpe kitu jina lake kamili nje ya kitenzi. Usiseme "hii", sema "barua hii". Kisha taja lugha inakotoka na inakokwenda, idadi ya kurasa, na maneno mawili matatu ya mwanzo wake. Ujumbe wa yule kijana ungekuwa hivi: "Mwalimu, nifupishie kwa Kiswahili barua hii ya Kiingereza aliyoletewa mzee, ukurasa mmoja, inaanza na jina lake na namba ya kiwanja. Asome kabla ya Jumatatu." Sasa picha na ikwame inavyotaka. Mwalimu akiisoma sentensi hiyo hawezi kuichanganya na katiba, kwa kuwa katiba si barua, si ya Kiingereza, si ya ukurasa mmoja. Jina limefanya kazi ambayo kiashiria peke yake hakiiwezi.

Wasomaji walio walimu nawapa zoezi la darasa. Andikeni ubaoni jumbe nne: "Nitafsirie hii", "Nitafsirie hiki", "Nifupishie haya", "Nifupishie hiyo". Msiambatishe kitu. Waulizeni wanafunzi wataje, kwa kila ujumbe, ni hati gani zinazowezekana, ni zipi zisizowezekana, na wangejibu nini kwa kutumia "-pi" na "-ja-". Atakayekimbilia kutafsiri, mrudisheni akae asome swali tena.